Saa Tatu ya Katibu

Jumanne, tarehe 14 Mei. Manyunyu tangu alfajiri, yale ya kulowesha mabega bila kumfanya mtu akimbie. Upepo hakuna.

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Katibu alikuwa anafungua kibanda chake cha kuchapa na kutoa nakala, simu ikaita. Mke wa mkata funguo alimwambia kwamba mumewe amefariki hospitalini usiku wa kuamkia siku hiyo. Katibu akasema, "Pole sana, shemeji. Nakuja." Akafunga tena kufuli alilokuwa ameshalifungua, akatoa daftari mfukoni, akaandika saa.

Huyu ni Katibu wa chama chetu cha kuzikana, na huu ni mwaka wake wa kumi na moja. Ni mtu mfupi, shati lake hufungwa hadi kifungo cha shingoni, na mfukoni huwa na kalamu mbili: ya buluu kwa mambo yaliyotokea, na nyekundu kwa mambo ambayo yangepaswa kutokea. Kabla ya kibanda alikaa miaka ishirini na miwili kwenye dirisha la tiketi la kampuni moja ya mabasi. Tiketi za kule zilikuwa na saa mbili. Moja iliandikwa "kuripoti", nyingine "kuondoka", na kati ya hizo mbili palikuwa na saa nzima. Katibu alistaafu akiwa na imani moja tu juu ya binadamu, kwamba ukimwambia saa mbili anasikia saa tatu.

Alipochaguliwa kuandika matangazo yetu ya misiba, akaja na ile saa ya kuripoti. Akaacha ile ya kuondoka kichwani mwake. Kama mwili utaagwa saa nne, tangazo lilisema saa tatu. Kama basi litaondoka saa saba, tangazo lilisema saa sita. Hakumwambia mtu. Aliamini hiyo ni siri yake na karatasi yake, na kwamba ndiyo sababu misiba yetu huenda vizuri kuliko ya mitaa mingine.

Mtaa mzima ulikuwa unajua. Tulijua tangu msiba wa tatu. Muuza mkaa alikuwa na msemo wake kwamba saa ya Katibu ni kama kiatu cha mtoto, unanunua ukijua itabidi uongeze. Basi Katibu akawa anapunguza saa moja, sisi tunaongeza saa moja, tunakutana katikati, kila upande ukiamini umemzidi mwenzake ujanja. Kwa miaka kumi mambo yalikwenda hivyo na hakuna aliyeumia.

Nyumbani kwa marehemu ni vyumba viwili ghorofa ya pili, ngazi nyembamba, huwezi kupitisha hata kabati bila kulilaza ubavu. Mjane alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, shuka mabegani. Katibu akatoa pole, akakaa, akasubiri chai ije na iondoke. Kisha akafungua daftari.

Mazishi yatakuwa Ijumaa, kwenye shamba la wazazi wa marehemu, mwendo wa saa tatu kwa basi. Jeneza, suti, ibada fupi kaburini. Hayo yote mjane aliyajibu bila kufikiri sana, kama mtu anayejaza fomu ya mtu mwingine. Kwenye kuaga mwili akamsimamisha.

"Hapo, shemeji, nina neno."

"Sema."

"Mume wangu alikuwa mtu wa kimya. Unamjua. Alikaa chini ya ngazi za posta miaka thelathini, anakata funguo za watu, na mtu anaweza kuja mara kumi asisikie sauti yake. Hii miwili ya mwisho hakutoka kabisa. Watu wamekwisha kumsahau sura." Akatengeneza shuka. "Kaka yake alipofariki kule kwao, tuliingia kumuaga watu saba. Wa saba alikuwa dereva. Wengine wote walikuja baadaye, walikuwepo kaburini, walikula, lakini uso wake hawakuuona. Mume wangu alirudi akaniambia, yule dereva ndiye aliyelia kuliko wote, maskini, kwa kuona watu hawapo."

Katibu aliweka kalamu ya buluu chini.

"Sitaki mengine," mjane akasema. "Hata wasipochanga, nitaelewa. Hata wasipofika shambani, ni mbali. Lakini waje wamwone. Chumba kijae."

"Kitajaa," Katibu akasema. Aliandika neno "kijae" na kulipigia mstari, kwa kalamu nyekundu.

Kutoka hapo alikwenda hospitali. Mochwari iko nyuma, baada ya jengo la kufulia, na mhudumu wake ni mzee mrefu mwenye buti za mpira na saa kubwa ya mkononi. Alimwonyesha Katibu karatasi iliyobandikwa mlangoni. Tangu mwanzoni mwa mwezi, chumba cha kuagia kimegawanywa kwa zamu, kila familia dakika arobaini na tano.

"Ijumaa nina saa tatu kamili mpaka saa nne kasorobo," mhudumu akasema. "Nyuma yenu kuna familia nyingine, na nyuma yao nyingine. Ya mchana ipo moja, saa nane."

Saa nane isingefaa. Basi likisubiri zamu hiyo, kaburi litafukiwa gizani. Na jeneza likishafungwa kwa safari ndefu kama ile, mhudumu alisema, yeye hashauri lifunguliwe tena njiani wala shambani. Katibu akakubali. Akaandika saa tatu kwenye daftari, na kichwani, bila hata kujitambua, akaandika saa mbili kwa ajili ya tangazo.

"Halafu," mhudumu akaendelea, "niletee nakala ya tangazo lenu. Nalibandika hapa, na saa iwe hii hii niliyokupa."

"Kwa nini?"

"Wiki iliyopita familia moja waliandika saa moja kabla. Wajanja. Watu mia wakajaa getini, wakaingia na zamu ya watu wengine. Mama mmoja amelia dakika kumi juu ya mwili asioujua. Sasa tangazo likisema saa nyingine, simfungulii mtu."

Katibu akafunga daftari. "Na kama watu wakichelewa?"

"Hilo ni lenu, mzee wangu."

Tangazo lilitoka saa kumi alasiri, kwenye kundi la simu la chama, na nakala yake ikapigwa kwenye mashine ya kibandani. Nimelitunza. Lilikuwa hivi:

"TANGAZO LA MSIBA. Chama kinasikitika kutangaza kifo cha ndugu yetu mkata funguo wa posta. Msiba uko nyumbani kwake, ghorofa ya pili. Kuaga mwili: Ijumaa tarehe 17, saa tatu kamili asubuhi, chumba cha kuagia cha hospitali, mlango wa nyuma. Usafiri: basi moja la viti hamsini na mbili, litaegeshwa kiwanja cha magari mkabala na hospitali na litaondoka saa nne kamili kwenda shambani, anayekwenda ajiandikishe kwa mhazini kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Gari la mwili litatangulia. Mazishi saa nane. Chakula: chakula cha waombolezaji kitatolewa shambani mara baada ya mazishi, jioni basi litarudi. Rambirambi: zitumwe kwa simu kwenye namba ya mhazini, dada wa duka la dawa. Kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalotokea. Kama si lake, acha. Ukishatuma, mwandikie jina lako, maana kuna waliotuma msiba uliopita na mpaka leo hatujui ni akina nani wa kuwashukuru."

Majibu yakaanza kuingia: pole, pole sana, poleni wafiwa. Rambirambi zilianza usiku huohuo. Katibu akalala vizuri.

Jumatano, mawingu, bila mvua. Mwenyekiti wa chama, fundi viatu mwenye mwili mkubwa na sauti ya kujaza barabara, alipita kibandani kutoa nakala ya kitambulisho. Yeye na marehemu walikuwa wamekaa jirani chini ya ngazi za posta tangu wakiwa vijana, mmoja na sindano, mwingine na tupa.

"Nimeliona tangazo lako," akasema akipuliza karatasi iliyokuwa bado na joto. "Limekaa vizuri. Basi tutaonana huko saa nne."

"Saa tatu."

"Ndiyo, saa tatu. Yaani saa nne."

"Mwenyekiti, nimeandika saa tatu."

"Na mimi nimesoma saa tatu." Mwenyekiti akacheka, akampiga begani kidogo. "Ndugu yangu, mbona unanifanyia mimi kama mgeni? Sisi tumezika pamoja watu wangapi?"

Katibu alibaki ameshika kitambulisho cha mwenzake. "Mnajua?" akauliza.

"Tunajua nini?"

"Ile saa."

"Aa," Mwenyekiti akasema kwa upole, kama mtu aliyegusa kidonda bila kukusudia. "Kumbe ilikuwa siri?"

Mchana Katibu hakula vizuri. Mkewe, ambaye ndiye mkuu wa jiko katika misiba yetu yote na watu humwita Mama Jiko, alimtazama akisukuma chakula upande huu na upande ule wa sahani.

"Mama watoto, hivi watu wanajua kwamba napunguza saa?"

"Baba watoto, hata paka wa dada wa duka la dawa anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu ule msiba wa mwalimu wa kuimba. Ulituandikia saa mbili, tukakaa juani mpaka saa tatu na nusu, wewe unapita na daftari unasema asanteni kwa kuwahi."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa na furaha," mkewe akasema. "Kuna wanaume wanafuga njiwa. Nikasema wangu acha apunguze saa."

Katibu aliinuka bila kumaliza, akaenda kuandika tangazo la pili. Hili lilikuwa fupi: "MSISITIZO. Kuaga ni SAA TATU KAMILI. Hii ni saa ya kweli. Kwa msisitizo, ni ya kweli."

Lilifanya mambo kuwa mabaya zaidi. Muuza mkaa akajibu kwamba akiona kamili ya Katibu huongeza saa moja, akiona kamili ya msisitizo huongeza saa moja na nusu, sasa hii ya kweli hajui aweke ngapi. Mtu mwingine akamjibu, "Tukutane saa tano." Wakacheka kwa zile alama za simu, mstari mzima wa nyuso zenye machozi ya kicheko, chini ya tangazo la msiba. Halafu wakaona aibu wakaandika tena pole.

Mjane alikuwa kwenye kundi lile. Saa kumi na moja jioni akampigia Katibu.

"Shemeji, nimesoma."

"Ni utani tu, shemeji."

"Najua ni utani. Nauliza watakuja?"

Miaka yote hii Katibu hakuwahi kukosa jibu la saa. Akasema, "Nalifanyia kazi." Alipokata simu alikaa kwenye kile kiti cha wateja, ambacho huwa hakikalii.

Alhamisi mvua ilianza tena, asubuhi na mapema. Katibu aliketi mezani nyumbani akaandika tangazo la tatu kwa mkono. Lilijaza ukurasa na nusu. Lilianzia dirisha la tiketi, likaeleza tofauti ya kuripoti na kuondoka, likataja misiba mitano kwa tarehe, likaomba radhi mara nne. Mama Jiko alikuwa anachambua mchele kwenye ungo upande wa pili wa meza, na kila alipomaliza aya Katibu alimsomea.

"Ni refu," Mama Jiko akasema.

"Ni ukweli."

"Ukweli wa ukurasa na nusu nani ataamini? Mtu akieleza hivyo ujue kuna kitu. Andika mistari miwili."

"Hata mistari miwili hawataamini. Nimewazoesha."

Mama Jiko aliokota jiwe dogo kwenye mchele, akalitazama, akalitupa. "Mstari wangu wanauamini."

Alikuwa anasema kweli. Kwenye msiba wa pili alioutangaza, Katibu alipunguza saa ya chakula pia. Watu themanini wakaja na njaa, wakakuta maji hayajachemka, na wanawake wa jikoni nusura waondoke na sufuria zao. Siku hiyo Mama Jiko alimwambia mumewe mbele ya watu kwamba kuanzia leo, mstari wa chakula ni wake, saa anaitaja yeye, na hakuna kalamu itakayougusa. Tangu hapo, Katibu akiandika chakula saa saba, saa saba sahani ziko mkononi. Ukifika saa saba na nusu unakuta masufuria yanasuguliwa. Mtu wa mtaa wetu anaweza kuchelewa kila kitu, lakini kwa mstari ule hajawahi kuchelewa.

"Tangazo lako halina chai," Mama Jiko akasema. "Watu wanatoka nyumbani asubuhi, mvua, safari ya saa tatu, na chakula ni baada ya mazishi. Hiyo si huruma. Mimi natoa chai na mkate pale kiwanja cha magari, kando ya basi. Saa mbili na nusu."

"Mhudumu hataki watu wasimame getini kabla ya zamu."

"Nimesema getini? Nimesema kwenye basi. Ni ng'ambo ya barabara. Dakika mbili kwa miguu, hata kwa Mwenyekiti."

"Lakini ni chai kweli? Nisije nikaandika halafu..."

Mama Jiko alisimamisha ungo. Kwa wale wanaomfahamu, hiyo ilitosha.

Katibu alichana ule ukurasa na nusu. Tangazo la tatu, la Alhamisi saa nne asubuhi, lilikuwa hivi: "Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikiandika saa moja kabla ya saa halisi. Naomba radhi. Kesho kuaga ni saa tatu, jeneza linafungwa saa nne kasorobo, na mjane ameomba jambo moja tu, mumewe aonwe na watu. CHAKULA: chai na mkate, kando ya basi, saa mbili na nusu mpaka saa tatu kasoro dakika kumi. Mstari huu ni wa Mama Jiko."

Kundi lilinyamaza karibu robo saa, jambo ambalo halijawahi kutokea hata simu zikikosa mtandao. Kisha fundi wa redio akaandika, "Katibu, kumbe hukujua tunajua?" Muuza mkaa akauliza kama mkate ni wa siagi. Mhazini akaandika kwamba viti vya basi vimebaki vinne. Mwenyekiti akatuma sauti yake ya dakika mbili, akimsifu Katibu kwa unyenyekevu, na mwishoni akasema tena, kwa kicheko, "Haya, tutaonana saa nne."

Ijumaa, tarehe 17. Mvua ilikatika alfajiri, ardhi ikabaki na madimbwi. Saa mbili na robo Katibu alikuwa kiwanja cha magari, amevaa koti la miaka ya dirishani, daftari kifuani. Basi lilikuwepo. Mama Jiko na wenzake wawili walikuwa wameshusha birika kubwa mbili na sanduku la mikate, wamezipanga kwenye benchi nyuma ya basi.

Saa mbili na nusu walikuwa watu watano, na watatu kati yao walikuwa wa jikoni.

Katibu aliangalia barabara. Akaangalia saa. Mjane alikuwa ameketi kwenye gari dogo la shemeji yake mmoja, upande wa pili wa kiwanja, uso mbele, hatazami kushoto wala kulia. Katibu alikuwa akihesabu watu saba kichwani, hakutaka, lakini alikuwa anawahesabu. Dereva wa basi akashuka akaomba kikombe.

"Wewe subiri," Katibu akamwambia.

"Kwani nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Subiri wengine waje."

Saa mbili na dakika thelathini na nane wakatokea wanawake sita kwa pamoja, wamekunja magauni yasichafuke. Halafu mwalimu wa hisabati. Halafu fundi wa redio na mkewe, wanagombana ni nani aliyechelewesha nani. Halafu kundi zima kutoka soko la juu, muuza mkaa mbele, amevaa koti la mtu mwembamba kuliko yeye. Alikwenda moja kwa moja kwenye birika.

"Siagi ipo?" akauliza.

"Ipo," Mama Jiko akasema. "Na saa tatu kasoro kumi nafunika. Usipomaliza, utamalizia huko mbele ya marehemu, uone aibu."

Watu wakanywa kwa haraka, wakipuliza. Chai ilikuwa ya moto mno na hakuna aliyelalamika. Katibu alipita kati yao na daftari akiandika kila aliyefika, na kila aliyeandikwa alimtania kidogo: je, hii asubuhi ni ya leo au ya kesho, je, saa yako inauzwa. Aliwajibu wote, "Asanteni kwa kuwahi," akaona wanacheka, akakumbuka kwa nini, naye akacheka kidogo puani.

Saa tatu kasoro kumi birika zikafunikwa. Walivuka barabara, watu sitini na wanne, na mhudumu wa buti za mpira akafungua mlango akitazama saa yake kubwa, akamtazama Katibu, akaguna kama mtu aliyelipwa vizuri.

Chumba kilijaa. Waliingia kwa mstari, wakazunguka jeneza, wakatokea mlango wa pili, na waliotoka walirudi kusimama ukutani kwa sababu hawakutaka kuondoka. Marehemu alikuwa na suti ya kahawia na nywele zimechanwa upande ambao hakuzichana maishani. Mkewe aliinama akazirudisha kwa kidole. Watu walikuwa wanasema mambo madogo. Mmoja alisema alimkatia ufunguo wa nyumba yake ya kwanza, hakutaka malipo mpaka ahakikishe unafungua. Mwalimu wa hisabati alisema hakuwahi kujua kwamba ana kidoti shavuni. Mjane alikuwa amesimama kichwani pa jeneza, shuka limeshuka machoni kwa kilio, anasikia sauti, haoni sura.

Saa nne kasorobo mhudumu akafunga kifuniko. Saa nne kasoro dakika kumi Mwenyekiti akatokea kwenye ile njia ya jengo la kufulia, anatembea kwa raha, mwavuli chini ya kwapa. Aliona gari la mwili linawashwa. Alisimama.

"Bado saa nne," akasema.

Katibu akamwendea. "Imekwisha, ndugu yangu."

"Si ulisema..." Mwenyekiti hakumaliza. Aliangalia mlango. Familia nyingine ilikuwa inaingia, wageni watupu. "Miaka thelathini tumekaa ngazi moja," akasema, na ile sauti ya kujaza barabara ikawa ndogo kabisa. "Ungeniambia."

"Nilikuambia."

"Ungeniambia zamani."

Katibu alimshika mkono wakavuka barabara, akamkalisha kwenye basi kiti cha mbele, na Mama Jiko, ambaye hafunui birika kwa mtu yeyote akishaifunika, alifunua moja akammiminia.

Mazishi yalikwenda salama. Chakula kilitolewa kwa wakati wake. Jioni, basi likishusha watu, Mwenyekiti alimvuta Katibu kando.

"Lile daftari lako la waliomuaga. Niandike na mimi. Nani atajua?"

"Mimi," Katibu akasema.

"Basi andika kwa ile kalamu nyekundu."

Katibu akamwambia walale kwanza.

Kesho yake, Jumamosi, jua lilitoka. Katibu hakufungua kibanda. Saa mbili alipanda zile ngazi nyembamba, akamkuta mjane kwenye kiti chake cha dirishani, na majirani wawili wanaosha vikombe.

"Shemeji," mjane akasema, "jana sikuona mtu. Nilisikia watu tu. Ni akina nani walikuja?"

Katibu akavaa miwani, akafungua daftari, akaanza kusoma. Alisoma polepole, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja mjane alitikisa kichwa, au akasema "hata yeye?", au "huyo alituletea kufuli la kutu mara tatu." Ilichukua muda. Alipofika wa sitini na nne akainua macho.

"Mwenyekiti hayupo humo," mjane akasema.

"Hayupo. Alifika saa nne kasoro dakika kumi. Kifuniko kilikuwa kimefungwa."

Alikuwa amejiandaa kwa kilio. Badala yake mjane alifunika mdomo kwa ncha ya shuka, mabega yakatikisika, na wale majirani wakageuka kutazama kwa hofu mpaka walipoona ni kicheko.

"Huyo hata harusi yetu alifika tunaosha vyombo," akasema akijifuta. "Mume wangu alimwekea sahani, akamwambia kaa, ndugu yangu, tulijua utakuja." Akavuta pumzi. "Mwandike, shemeji. Chini kabisa. Na saa aliyofika uiweke."

Katibu akachukua kalamu ya buluu, akamwandika wa sitini na tano, saa nne kasoro dakika kumi, akapuliza wino ukauka.